Salma, Salum na Saida Sokoni

Mwandishi anaandika tukio la Kariakoo asubuhi. Salma ananunua samaki kwa Salum, Saida anapika chapati pembeni, na Selemani anapita na gunia begani akipiga kelele apishwe. Majina yote ni ya kawaida Dar es Salaam, lakini ukurasa wa pili msomaji hajui tena nani kabeba gunia.

Kosa liko kwenye herufi ya kwanza. Msomaji akikutana na jina la mpita njia halisomi lote. Hushika mwanzo wake na urefu wake, kisha husonga mbele.

Salma ndiye mhusika mkuu, basi abaki. Muuza samaki awe Makame, jina litakalomfanya msomaji adhani katoka Unguja au Pemba bila kuambiwa. Mnunuzi wa jumla aitwe Rweyemamu: ni jina refu, la Kihaya, na halifanani na lolote jirani. Kuli mzee anatosha kuitwa Tabu. Mpika chapati aitwe Mama Zawadi, kama wateja wanavyomwita kwa jina la mwanawe.

Makabila peke yake hayatoshi. Mwakalinga na Mwakyusa, wote wa Unyakyusa, wakisimama meza moja watachanganywa tu. Hata Masanja, Msukuma, atagongana na Makame.

Na muuza maji anayesema neno moja? Huyo abaki muuza maji. Akipewa jina, msomaji atamsubiri arudi.