Wiki Nne za Kujiandaa kwa Mtihani wa Vikomo na Mwendelezo

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anayejiandaa kwa mtihani wa vikomo na mwendelezo mara nyingi huanza na anachokipenda, yaani kukokotoa. Anajaza daftari maswali ya mtindo mmoja, kisha ufafanuzi wa epsiloni na delta anausukumia wiki ya mwisho. Mpangilio huo ndio unaomkosesha alama. Kukokotoa hushikika kwa siku chache, lakini ufafanuzi unahitaji kurudiwa mara nyingi, kwa vipindi vifupi, hadi mkono uuzoee. Ratiba ninayoipendekeza inauweka wiki ya pili, ili ubaki na wiki mbili nyingine za kuurudia. Tenga saa moja na nusu kila siku, Jumatatu hadi Jumamosi, na Jumapili pumzika.

Jumatatu ya kwanza usifungue kitabu. Chukua mtihani wa mwaka uliopita, ujaribu bila msaada, kisha uandike pembeni ya kila swali kilichokukwamisha: je, hukuijua njia, ulikosea hesabu, au hukuelewa swali lenyewe? Karatasi hiyo itunze, kwa sababu ndiyo itakayokuonyesha siku zipi uzirefushe.

Jumanne shughulikia vikomo ambavyo ukiweka thamani ya x unapata 0/0. Wengi wakifika hapo huandika kwamba jibu ni sifuri, au kwamba kikomo hakipo. 0/0 si jibu; ni ishara kwamba kazi haijaisha. Katika (x² − 9)/(x − 3), x inapokaribia 3, kiasi kinavunjika kuwa (x − 3)(x + 3), mabano yanayofanana yanafutana, na kikomo ni 6. Tunaruhusiwa kufuta kwa sababu x inaikaribia 3 bila kuwa 3. Fanya maswali kumi ya namna hiyo. Jumatano fanya yenye vipeuo, kama (√(x + 4) − 2)/x, x inapokaribia 0: zidisha juu na chini kwa √(x + 4) + 2, utapata 1/4. Alhamisi ni zamu ya vikomo vya upande mmoja. Chora |x|/x uone kwamba kulia mwa sifuri ni 1 na kushoto ni −1, hivyo hapo kikomo hakipo. Ijumaa shika sin x / x, ambayo hukaribia 1 iwapo pembe imepimwa kwa radiani. Jumamosi malizia na x inayokua bila mwisho, na uwe macho x inapokwenda upande hasi, kwa kuwa huko √(x²) ni −x, wala si x.

Wiki ya pili ndiyo moyo wa ratiba. Newton na Leibniz walijenga kalkulasi katika karne ya 17, lakini lugha kamili ya vikomo ilisubiri karne ya 19, kupitia kazi za Bolzano mwaka 1817, Cauchy mwaka 1821, na baadaye Weierstrass. Jambo lililowachukua wanahisabati muda wote huo haliwezi kukuingia usiku mmoja.

Jumatatu andika ufafanuzi kwa maneno yako na kwa alama. Kikomo cha f(x), x inapokaribia a, ni L, iwapo kwa kila ε > 0, hata iwe ndogo kiasi gani, ipo δ > 0 ambayo kila x yenye 0 < |x − a| < δ inatupa |f(x) − L| < ε. Angalia nani anatangulia: ε inatolewa kwanza, nawe ndiye unayetafuta δ ya kuijibu. Anayegeuza mpangilio huo ameandika jambo jingine kabisa. Kuanzia siku hiyo hadi mtihani, kila kipindi kianze kwa dakika kumi za kuandika ufafanuzi huu kwenye karatasi tupu.

Jumanne thibitisha kwamba 3x − 1 hukaribia 5, x inapokaribia 2. Tofauti ni 3|x − 2|, kwa hiyo δ = ε/3 inatosha. Jumatano panda ngazi: thibitisha kwamba x² hukaribia 9, x inapokaribia 3. Hapa |x² − 9| = |x − 3||x + 3|. Sehemu ya kwanza unaimudu kwa δ, lakini ya pili inabadilika na x, na hapo ndipo wengi hukwama au huandika δ = ε/|x + 3|. Hilo ni kosa, kwa sababu δ hairuhusiwi kutegemea x. Dawa yake ni kuizuia x isiende mbali. Ukikubaliana kwamba |x − 3| < 1, x iko kati ya 2 na 4, hivyo |x + 3| ni chini ya 7. Sasa tofauti nzima ni chini ya 7|x − 3|, na itakuwa chini ya ε iwapo |x − 3| < ε/7. Masharti yote mawili lazima yatimie, kwa hiyo chagua δ iliyo ndogo kati ya 1 na ε/7. Katika karatasi ya majibu anza na "ε > 0 imetolewa, chagua δ", kisha ushuke hadi hitimisho. Utafutaji wa 7 ubaki kwenye karatasi ya rafu.

Alhamisi tumia njia hiyohiyo kwa 1/x inayokaribia 1/2, x inapokaribia 2. Utapata δ iliyo ndogo kati ya 1 na 2ε. Ijumaa thibitisha kwa ufafanuzi kwamba |x|/x haina kikomo penye 0. Chukua ε = 1: hakuna L inayoweza kuwa karibu na 1 na pia na −1, zote kwa umbali ulio chini ya 1, maana zenyewe zimeachana kwa 2. Jumamosi rudia swali la Jumatano bila kutazama.

Wiki ya tatu ni mwendelezo, nayo itakuwa nyepesi kwako. Jumatatu jifunze masharti matatu: f(a) ipo, kikomo kipo, na viwili hivyo ni sawa. Jumanne tafuta k kwa fanksheni iliyo kx + 1 chini ya 2, na x² − 1 kuanzia 2 kwenda juu: 2k + 1 = 3, hivyo k = 1. Jumatano chora mikatiko ya aina tatu, yaani tundu, mruko na mpasuko wa kwenda bila mwisho. Alhamisi na Ijumaa shughulikia kanuni ya thamani za kati. Kwa x³ + x − 1, thamani penye 0 ni −1 na penye 1 ni 1, hivyo kuna mzizi katikati. Usisahau kuandika kwamba fanksheni ni endelevu. Bila sentensi hiyo uthibitisho haujakamilika. Jumamosi onyesha kwa nini kanuni hiyo haiwezi kutumika kwa 1/x kati ya −1 na 1.

Wiki ya nne, Jumatatu na Alhamisi fanya mtihani mzima wa zamani kwa saa kamili, simu ikiwa imezimwa. Jumanne na Ijumaa sahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine, ukilinganisha makosa na karatasi ya siku ya kwanza. Jumatano fanya upya yale tu uliyokosa. Jumamosi andika ufafanuzi, thibitisha x² kwa mara ya mwisho penye namba nyingine, tuseme 5 (utapata ε/11 badala ya ε/7), kisha ufunge daftari.