Hisa Kumi Zinazoshinda Tisini

Fungua programu yoyote ya simu inayoonyesha bei za hisa za Marekani, uitafute kampuni inayomiliki Google. Utakuta mistari miwili, GOOGL na GOOG. Kampuni ni ile ile, Alphabet, na bei zake aghalabu hukaribiana sana. Tofauti iko kwenye hiyo herufi moja ya mwisho. Ukinunua GOOGL unapata kura moja kwa kila hisa, ukinunua GOOG hupati kura hata moja. Faida mnagawana sawasawa. Na ipo aina ya tatu ambayo huwezi kuiona kwenye simu, kwa sababu haiuzwi sokoni: kila hisa ya aina hiyo ina kura kumi, na sehemu kubwa ya hisa hizo imo mikononi mwa waanzilishi wawili, Larry Page na Sergey Brin.

Wengi wetu tumeujua umiliki kwa njia ya chama au ya ushirika. Aliyeweka zaidi anapata zaidi, na anayepata zaidi husikilizwa zaidi mkutanoni. Hisa ya kawaida imejengwa juu ya mazoea hayo. Ndani yake mna haki mbili zilizofungwa pamoja: haki ya kupata fedha, yaani gawio na ongezeko la bei, na haki ya kupiga kura, yaani kuwachagua wakurugenzi na kuamua mambo makubwa kama kuuza kampuni. Hisa za madaraja mawili zinakifungua kifungo hicho. Fedha zinagawanywa kwa kipimo kimoja, kura kwa kipimo kingine.

Tuchukue kampuni ndogo yenye hisa 100 tu. Hisa 90 ni za daraja A, kura moja kila moja, na zimenunuliwa na watu wa sokoni. Hisa 10 ni za daraja B, kura kumi kila moja, na ni za mwanzilishi. Gawio likitangazwa, mwanzilishi anachukua shilingi 10 katika kila 100. Siku ya kura watu wa sokoni wana kura 90, naye ana kura 100 peke yake. Hata wote wakiungana bila kukosekana mmoja, anawashinda. Mpaka wenyewe ni moja ya kumi na moja: akiwa na hisa zinazozidi kidogo asilimia 9, na zote ziwe za kura kumi, kampuni iko mkononi mwake.

Huo ndio mfumo wa Meta, kampuni yenye Facebook, Instagram na WhatsApp, na nimeichagua kwa sababu kila msomaji anaigusa kila siku. Ina hisa karibu bilioni 2.2 za daraja A na karibu milioni 345 za daraja B, ambazo takriban zote ni za Mark Zuckerberg. Ukihesabu fedha, sehemu yake ni kama asilimia 13 ya kampuni. Ukihesabu kura, milioni 345 mara kumi ni kura bilioni 3.45, na za wengine wote ni bilioni 2.2. Anashika takriban asilimia 61. Kwa maneno mengine, katika kila dola 100 ambazo kampuni inazipata au kuzipoteza, kama dola 87 ni za watu wengine, na watu hao hawawezi kumwondoa.

Jambo linalonishangaza zaidi katika mfumo huu ni namna nguvu hiyo inavyodumu, hata kukua, mwenyewe asiponunua hisa hata moja. Facebook ilipoingia sokoni Mei 2012, kwa dola 38 kwa hisa, Zuckerberg alikuwa na karibu asilimia 28 ya kampuni. Kura zilizokuwa chini yake zilikaribia asilimia 57, tena kwa msaada wa mikataba ambayo baadhi ya wawekezaji wa mwanzo walikuwa wamemkabidhi haki ya kupiga kura zao. Leo umiliki wake umepungua zaidi ya nusu. Kura hazikupungua.

Siri yake iko katika kanuni moja ya katiba ya kampuni: hisa ya daraja B ikiuzwa, kwa kawaida inageuka palepale kuwa ya daraja A. Kura tisa katika zile kumi zinafutika. Turudi kwenye kampuni yetu ya hisa 100 tuone matokeo. Safari hii hisa 40 ni za daraja B, 20 za mwanzilishi na 20 za rafiki zake walioanza naye. Hisa 60 ni za daraja A. Kura zote ni 460, mwanzilishi ana 200, yaani kama asilimia 43. Bado anahitaji kuelewana na rafiki zake.

Miaka inapita. Rafiki wamezeeka na hisa zao, mmoja anajenga, mwingine anaanzisha kampuni yake, wote wanauza. Hisa zao 20 zinakuwa za daraja A. Sasa A ni 80, B ni 20, na kura zote ni 280. Mwanzilishi ana zilezile 200, lakini sasa ni asilimia 71. Hakutoa hata senti. Akitaka, anaweza kuuza hisa 8 kati ya zake, abaki na 12, na bado atakuwa na kura 120 kati ya 208, zaidi ya asilimia 57, huku umiliki wake ukiwa asilimia 12 tu. Kila aliyetoka alimwachia nguvu yake bila kukusudia.

Hata hivyo kuna kikomo. Akiendelea kuuza atafika pale kwenye moja ya kumi na moja, na wingi wake utaponyoka. Zuckerberg alikiona kikomo hicho baada ya Desemba 2015, yeye na mkewe Priscilla Chan walipotangaza kuwa watatoa asilimia 99 ya hisa zao katika uhai wao. Unatoaje karibu kila ulicho nacho bila kuachia usukani?

Jibu lilikuja 2016. Bodi ilipendekeza daraja jipya, C, lisilo na kura kabisa, na kila mwenye hisa moja angepewa mbili za C. Kwa haraka haraka linaonekana jambo la haki, maana wote wanapewa sawa. Lakini lifuate taratibu. Hisa zinakuwa mara tatu, kura zinabaki zilezile. Theluthi mbili za utajiri wa kila mtu zinahamia kwenye karatasi zisizo na kura. Mwanzilishi angeweza kuziuza au kuzitoa zote hizo, na nguvu yake isipungue hata kwa kura moja. Pendekezo lilipita katika mkutano wa mwaka huo, kwa sababu kura za kulipitisha alikuwa nazo mwenyewe.

Wenye hisa wakaenda mahakamani Delaware, jimbo ambako kampuni iliandikishwa na ambako migogoro mingi ya aina hii husikilizwa. Hoja yao haikuwa kwamba kura kumi ni haramu. Kura kumi walizijua tangu siku ya kununua, ziliandikwa wazi kwenye waraka wa matarajio. Walilalamika kwamba mkataba waliouingia unabadilishwa baadaye ili kumnufaisha mmoja, na kwamba wakurugenzi waliopewa kazi ya kuwatetea hawakuwatetea ipasavyo. Septemba 2017, siku chache kabla Zuckerberg hajapanda kizimbani kutoa ushahidi, kampuni iliufuta mpango wote. Hapo utaona kinga iliyobaki kwa asiye na kura za kutosha: sheria inamtaka mkurugenzi awe mwaminifu kwa wenye hisa wote, na jaji anaweza kumwuliza.

Lakini jaji haulizwi kama biashara inaendeshwa vizuri. Mwaka 2022 kitengo cha Meta kinachotengeneza miwani na ulimwengu wa kidijitali kilipata hasara ya takriban dola bilioni 13.7. Februari 3 mwaka huo hisa ilianguka kwa zaidi ya robo kwa siku moja. Oktoba mwekezaji mmoja mkubwa aliandika barua ya wazi akiomba matumizi yapunguzwe. Aliomba; hakuwa na namna ya kuamuru. Novemba kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi zaidi ya 11,000, na baadaye bei ikapanda tena kwa kasi. Wanaoutetea mfumo husema hapo ndipo unapofaa, kwamba mwanzilishi hababaishwi na hofu ya miezi mitatu. Nakubali kuna ukweli humo: Instagram ilinunuliwa 2012 kwa dola bilioni 1 wakati wengi wakiiona ghali. Ila kinga inayomlinda mtu anapoona mbali ndiyo hiyo hiyo inayomlinda anapokosea, na aliye nje hubaki na mlango mmoja tu, kuuza. Mlango wenyewe huwa mpana baada ya bei kuanguka.

Kwa hiyo ninachokitafuta kwanza katika waraka wa kampuni ya namna hii ni tarehe. Baadhi ya kampuni huandika kwamba kura kumi zitakoma baada ya miaka kadhaa, au mwanzilishi akiacha kazi. Meta haina tarehe hiyo.

Usidhani pengo hili linahitaji madaraja mawili. Safaricom, kwenye Soko la Hisa la Nairobi, hisa yake ya kawaida ina kura moja. Mwaka 2017 karibu asilimia 40 ya hisa zake zilikuwa za kampuni iitwayo Vodafone Kenya, na mwaka huo Vodacom ya Afrika Kusini ilinunua asilimia 87.5 ya Vodafone Kenya. Zidisha hizo mbili upate fungu la Vodacom katika faida ya Safaricom, yaani asilimia 35. Lakini anayeishika Vodafone Kenya anaamua kura zake zote, asilimia 40 nzima. Tofauti ni ndogo hapo. Ukipanga kampuni tatu au nne juu ya nyingine, inakuwa kubwa, na hakuna herufi kwenye simu itakayokuonyesha.

Mama mmoja katika chama chetu cha uwekezaji aliwahi kuniuliza kwa nini wanahisa wa Meta wasipige kura kuumaliza mfumo huo. Nilimwambia, mama, hupiga. Pendekezo la hisa moja kura moja limerudi mara nyingi katika mkutano mkuu, na mara zote limeanguka. Kisha tukachukua kalamu. Tuseme pendekezo limepata asilimia 26 ya kura zote. Ukisoma hivyo tu utadhani wanahisa wameridhika. Sasa toa asilimia 61 za mtu mmoja aliyelikataa. Zinabaki 39, na katika hizo 26 zimesema ndiyo. Ni thuluthi mbili ya watu wengine wote. Mama akaliandika lile 39 kwenye daftari la chama, akalizungushia duara.