Dakika Ishirini, Kasi Sita: Umekimbia Kilomita Ngapi?

Chukua programu hii ya dakika 20 kwenye mashine ya kukimbilia, ambayo wengine huiita tredmili. Dakika tatu za kwanza ni za kupasha mwili moto: kilomita 5 kwa saa, kisha 6, kisha 7. Zinafuata dakika 12 za kazi yenyewe: dakika moja kwa kasi ya 12, moja kwa kasi ya 7, tena 12, tena 7, hadi mizunguko sita itimie. Dakika tano za mwisho ni za kupoza mwili: 8, 7, 6, 5, 4. Halafu mkanda unasimama, na mkimbiaji anajiuliza amekwenda umbali gani.

Skrini ya mashine ina jibu lake, lakini jibu hilo huja mwishoni, na ukiiacha mashine imesimama kidogo mara nyingi namba zote hufutika. Anayepanga mazoezi anataka kujua kabla hajapanda. Tena, kama tutakavyoona, skrini nayo inaweza kudanganya bila mtu kugundua.

Kasi ya kilomita 6 kwa saa maana yake ni kwamba ukiishikilia saa nzima utamaliza kilomita 6. Kwa dakika moja, ambayo ni sehemu moja ya sitini ya saa, utakwenda mita 100. Shika hiyo moja kichwani, maana nyingine zote zinatoka hapo: kasi ya 3 ni mita 50 kwa dakika, ya 9 ni 150, ya 12 ni 200. Kasi ya 7 haitoi namba nzuri, ni mita 116 na ushee, lakini haina haja ya kutusumbua. Kwa kuwa kila kasi inadumu dakika moja tu, hakuna sababu ya kupiga hesabu ya kila dakika peke yake. Jumlisha kasi zote, dakika kwa dakika, kisha gawanya jumla kwa 60. Basi.

Tuifanye. Kupasha mwili: 5, 6 na 7 ni 18. Mzunguko mmoja wa 12 na 7 ni 19, na mizunguko sita ni 114. Kupoza mwili: 8, 7, 6, 5 na 4 ni 30. Jumla ni 162. Ukigawanya kwa 60 unapata kilomita 2.7. Anayepiga hesabu kichwani huku anahema anaweza kugawanya kwa 6 badala ya 60: anapata 27, ambazo ni mamia ya mita, yaani mita 2,700.

Mpangilio wa dakika haubadilishi jibu hili. Ukizianza zile za kasi ya 12 zote sita mfululizo, umbali ni uleule, ingawa miguu itakuwa na maoni tofauti.

Wanaokosea hapa hukosea kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni kuangalia kasi zilizotumika, ambazo ni sita tu: 4, 5, 6, 7, 8 na 12. Mtu anazijumlisha, anapata 42, anagawanya kwa sita, wastani ni 7. Kwa dakika 20 hiyo ni kilomita 2.33, na mita zaidi ya 360 zimepotea hewani. Kosa ni kuzipa kasi zote uzito sawa, ilhali kasi ya 4 ilitumika dakika moja tu, ya 12 dakika sita, na ya 7 dakika nane. Wastani wa kweli ni 162 gawanya kwa 20, yaani kilomita 8.1 kwa saa.

Njia ya pili ya kukosea ni ya wakimbiaji wazoefu, na ndiyo inayonivutia zaidi, kwa sababu hesabu yao inaonekana safi kabisa. Hawa hawasemi kilomita kwa saa. Wanasema dakika ngapi kwa kilomita. Kasi ya 12 kwao ni dakika 5 kwa kilomita. Kasi ya 7 ni dakika 8 na sekunde 34. Wanachukua katikati ya hizo mbili, wanapata dakika 6 na sekunde 47, kisha wanajiuliza: katika zile dakika 12 za mizunguko, zinaingia kilomita ngapi za namna hiyo? Jibu linakuwa kama kilomita 1.77. Lakini tumeshaona kwamba mizunguko sita ina jumla ya 114, ambayo ni kilomita 1.9. Mita 130 zimekwenda wapi?

Hazikwenda popote. Wastani wa dakika kwa kilomita ungekuwa sahihi kama mkimbiaji angebadilisha kasi kila baada ya kilomita moja, au kila baada ya mzunguko mmoja wa uwanja. Hapo angekaa muda mrefu zaidi kwenye kasi ndogo, kwa sababu kasi ndogo huchelewa kumaliza umbali uleule. Kwenye programu yetu saa ndiyo inayokata vipande, si umbali. Kila kasi inapata sekunde 60 zake, kwa hiyo kasi kubwa inachangia mita nyingi zaidi: 200 dhidi ya 116. Kanuni ni fupi: vipande vikiwa sawa kwa muda, tafuta wastani wa kilomita kwa saa, vikiwa sawa kwa umbali, tafuta wastani wa dakika kwa kilomita.

Sasa msomaji makini atauliza kuhusu mkanda wenyewe. Ukibonyeza 12 wakati mkanda uko 7, hauruki papo hapo. Unapanda taratibu, pengine kwa sekunde 10. Je, mita hazipotei hapo? Zinapotea, na tunaweza kujua ni ngapi. Katika sekunde hizo 10 mkanda uko, kwa wastani, kilomita 2.5 kwa saa chini ya kasi uliyoomba. Hiyo ni mita 7 hivi pungufu. Lakini dakika moja baadaye unashuka kutoka 12 hadi 7, na kama mkanda unatumia sekunde 10 zilezile kushuka, unapata zawadi ya mita 7 ambazo hukuziomba. Kupanda na kushuka vinafutana. Kwenye programu nzima kinachobaki hasa ni kile kipande cha mwanzo kabisa, mkanda unapotoka kwenye kusimama hadi kasi ya 5, nacho hakifiki mita 10.

Mashine nyingine hupanda polepole kuliko inavyoshuka. Kama kupanda ni sekunde 15 na kushuka ni 10, kila mzunguko unakosa mita tatu na nusu, na mizunguko sita inakosa kama mita 21. Kwenye skrini inayoonyesha kilomita kwa tarakimu mbili baada ya nukta, utasoma 2.68 au 2.67 badala ya 2.70. Ukiona tofauti ya ukubwa huo, usihangaike nayo. Ukiona tofauti ya mita 100 au zaidi, chanzo kiko kwingine: huenda ulichelewa kubonyeza, au mashine imepangwa kwa maili, na hapo usikimbie kabla ya kuangalia, kwa sababu 12 ya maili ni zaidi ya kilomita 19 kwa saa.

Ugonjwa mkubwa kuliko yote, hata hivyo, hauonekani kwenye skrini. Mashine haipimi miguu yako. Inahesabu mizunguko ya mota au ya rola inayovuta mkanda, kisha inaigeuza kuwa umbali. Ukirukia kingo za pembeni kupumzika huku mkanda ukiendelea kuzunguka, mita zinaendelea kuhesabiwa kwa jina lako. Na mkanda ukilegea ukawa unateleza juu ya rola, rola inazunguka vizuri, skrini inaandika vizuri, lakini mkanda uko nyuma.

Kupima hili kunahitaji futikamba, chaki na mtu wa pili. Mashine ikiwa imechomolewa kwenye umeme, weka alama ya chaki ukingoni mwa mkanda, usogeze kwa mkono kipande kwa kipande, na upime urefu wake wote hadi alama irudi. Tuseme ni mita 3.2. Sasa iwashe, iweke kasi ya 6, mmoja atembee juu yake kwa uzito wake wa kawaida, mwingine asimame pembeni ahesabu alama inapita mara ngapi katika dakika moja. Kwa kasi ya 6 tunatarajia mita 100, yaani alama ipite mara 31 na robo hivi. Ikipita mara 30 tu, mkanda umekwenda mita 96. Mashine inasema 6, ukweli ni 5.76, pungufu ni asilimia 4. Ni muhimu awepo mtu juu, kwa sababu kila mguu unapotua hukaza mkanda, na mkanda mtupu unaweza kuonekana mzima kumbe chini ya mkimbiaji unakwama. Kwa kasi kubwa macho hayawezi kufuata alama. Piga video kwa simu, kisha uicheze polepole.

Asilimia 4 ya mita 2,700 ni mita 108. Zipime dhidi ya zile chini ya 10 za mkanda unaopanda taratibu, utaona ni wapi pa kutumia muda wako.

Saa ya mkononi haitakuokoa hapa. Ndani ya jengo huwa inakisia umbali kwa mbembeo wa mkono, na programu inayobadilika kila dakika ndiyo inayoipa shida zaidi, kwa sababu urefu wa hatua kwenye kasi ya 12 si ule wa kasi ya 5. Ukishika vishikio wakati wa kupumzika, mkono haubembei na saa inaamini umesimama.

Faida ya hesabu hii ni kwamba inaweza kuendeshwa kinyumenyume. Tuseme unataka kilomita 3 kamili. Kilomita 3 mara 60 ni 180, na programu yetu ina 162, kwa hiyo unahitaji 18 zaidi. Unaweza kuzigawa kwenye zile dakika 12 za katikati, kila moja ikaongezeka 1.5: kasi zinakuwa 13.5 na 8.5. Au uziache kasi kama zilivyo na uongeze dakika mbili za kasi ya 9, programu ikawa ya dakika 22. Mimi ningeshauri ya pili kwa mtu ambaye tayari anahangaika kwenye 12.

Na kama mashine yako ndiyo ile yenye mkanda pungufu kwa asilimia 4, jumla ya 180 itakupa kilomita 2.88 za kweli. Ongeza dakika moja kwa kasi ya 7.5 kwenye skrini, na mita 120 zilizobaki zimepatikana.