Opsheni Isiyohitaji Mtabiri

Hisa ya kampuni fulani leo inauzwa shilingi 1,000. Tuseme mwakani itakuwa ama 1,280 ama 880, na riba ya kukopa na ya kuweka ni ileile, asilimia 10. Mtu anakuuzia opsheni ya Kiulaya, yaani haki ya kununua hisa 100 kwa shilingi 1,080 kila moja, siku ya mwisho tu. Hisa zikipanda, haki hiyo itakupa shilingi 20,000. Zikishuka, hupati kitu. Ulipe kiasi gani leo?

Wengi wataanza kubishana kama hisa zitapanda. Cox, Ross na Rubinstein, katika makala yao ya mwaka 1979, walipita njia nyingine: iunde opsheni hiyo mwenyewe. Nunua hisa 50 kwa shilingi 50,000, kati yake 40,000 ziwe za mkopo. Mwakani utadaiwa 44,000. Hisa zikipanda, zako zitafika 64,000; lipa deni, zinabaki 20,000. Zikishuka, zitakuwa 44,000 na zote zitaishia kwenye deni. Matokeo ni yaleyale ya opsheni, na mfukoni umetoa shilingi 10,000. Basi hiyo ndiyo bei. Anayeinunua kwa 12,000 anamzawadia muuzaji 2,000, kwa kuwa muuzaji atatengeneza pacha wake kwa 10,000 na kulala usingizi.

Mbona hisa 50? Opsheni inatofautiana kwa 20,000 kati ya kupanda na kushuka, na kila hisa kwa 400. Gawanya.

Kuna njia ya mkato. Tafuta uwezekano wa kupanda ambao ungeifanya hisa yenyewe ikue kwa asilimia 10 tu, kama amana, hadi wastani wa 1,100. Ni 220 kwa 400, yaani 0.55. Zidisha kwa 20,000, upate 11,000. Gawanya kwa 1.1, na 10,000 inarudi. Huu huitwa uwezekano usiojali hatari, na si utabiri hata kidogo. Mchambuzi anayeamini kuwa uwezekano wa kupanda ni 0.7 anaweza kuwa sahihi kabisa, lakini akiutumia huo kwa hesabu hiihii atapata karibu 12,727, bei ambayo pacha wa 10,000 anaiumbua. Matumaini na hofu za soko zimeshaingia kwenye ile 1,000 ya leo.

Jibu likivuka 1, kagua namba zako. Riba ikiwa asilimia 30, hesabu inatoa 1.05: hakuna mwenye akili angeshika hisa ambayo hata ikipanda inashindwa na amana.

Udhaifu mkubwa uko kwenye zile bei mbili. Hisa ikiishia 1,080, opsheni haina thamani, ilhali pacha wetu ana shilingi 10,000 mkononi. Kwa hisa na mkopo peke yake, matokeo matatu hayafuatiki. Ndiyo maana watumiaji hukata mwaka katika hatua nyingi fupi, na kila hatua wanabadilisha idadi ya hisa.