Mtoto Asiyeweza Kuzingatia Somo: Mwalimu na Mzazi Waanze na Lipi?

Mzazi akiitwa shuleni na kuambiwa "mwanao ni mzembe, hasikii", huondoka na moja kati ya mawili: kinyongo kwa mwalimu au fimbo kwa mtoto. Hakuna hata moja linalomsaidia mtoto kuzingatia somo. Ndiyo maana kikao cha kwanza kifanyike faragha, si getini wala mbele ya wazazi wengine, na kisilenge kulipa tatizo jina. Kazi yake ni kukutanisha yale yaliyoonekana darasani na yale yanayoonekana nyumbani.

Jina ni kazi ya daktari, naye hukata shauri kwa vigezo. Ili aseme mtoto ana tatizo la kiafya la upungufu wa umakini, huangalia kama dalili zimedumu miezi 6 au zaidi, kama zilianza kabla ya miaka 12, na kama zinaonekana katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano shuleni na nyumbani. Mwalimu anaona upande mmoja tu. Bila mzazi, picha ni nusu.

Kwa hiyo mwalimu aje na daftari. Kwa wiki mbili kabla ya kikao aandike tukio, saa na somo. Tuchukue mfano wa mvulana wa miaka 8, darasa la tatu. Kusema "hatulii kabisa" hakumwambii mzazi kitu. Lakini daftari likisema hivi, kuna la kuzungumza: "Jumanne, hesabu, saa tatu asubuhi. Nilipokuwa nikiandika ubaoni huku nikisoma maswali, alichezea kalamu, na kati ya maswali kumi alifanya mawili. Nilipomsogelea na kumsomea moja moja, alifanya yote." Kumbe mtoto anaweza. Kinachomshinda ni kufuata sauti ya mtu aliyempa mgongo.

Mwalimu aanze na hilo analoliweza mtoto, kisha asome daftari lake, halafu aulize na kunyamaza. "Mama, nyumbani ukimwita akiwa chumba cha pili, huitika?" Katika mfano wetu, mama anafikiri kidogo, kisha anajibu: "Mwalimu, huyu mpaka umguse bega. Na televisheni huifungulia sauti kubwa. Sikio la kushoto lilikuwa likitoa usaha tangu mdogo." Dakika tano hazijapita, na kilichodhaniwa kuwa uzembe kimegeuka kuwa swali la masikio.

Maswali mengine ni ya kawaida lakini huzaa mengi. Analala saa ngapi? Mtoto wa miaka 6 hadi 12 huhitaji usingizi wa saa 9 hadi 12. Anayelala saa tano usiku na kuamshwa saa kumi na moja alfajiri amepata saa 6 tu. Amekula nini kabla ya kuja shule? Je, anaona vizuri ubaoni? Kuna msiba, kuhama au ugomvi uliotokea nyumbani karibuni?

Lipo pia jambo ambalo mwalimu asilipite haraka. Kuna aina ya kifafa isiyoangusha mtu: mtoto hukatika ghafla katikati ya jambo, hukodoa macho kwa sekunde chache asiitike hata akiguswa, kisha huendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Mwenye mawazo ya mbali hushtuka ukimgusa, huyu hashtuki. Hali hii ikijirudia, mzazi aelezwe ilivyoonekana na ashauriwe ampeleke mtoto hospitali.

Mwisho wa kikao yawepo makubaliano machache yanayotekelezeka. Kwa mvulana wetu, mama atampeleka kituo cha afya apimwe masikio. Mwalimu atamketisha mbele, sikio zima likielekea anakosimama, atampa agizo moja kwa wakati na kuzungumza akimtazama. Mama aombwe waziwazi asimpige wala kumkaripia kwa sababu ya kikao hiki. Amwambie tu kwamba yeye na mwalimu wanatafuta namna ya kumrahisishia masomo.

Kisha wapange tarehe, baada ya wiki nne. Siku hiyo daftari lifunguliwe tena: maswali mawili kati ya kumi yamefika mangapi? Yakiongezeka, waendelee na walichoanza. Yakibaki mawili ilhali masikio yametibiwa na usingizi unatosha, hapo ndipo mtoto apelekwe kwa daktari wa watoto au mtaalamu wa afya ya akili, naye mzazi abebe nakala ya kurasa za daftari. Daktari atakayempokea hatakuwa na nafasi ya kuketi darasani. Kurasa hizo ndizo zitakazomwonyesha mtoto alivyo shuleni.