Homa ya Mafua Ndani ya Ramadhani: Ruhusa ya Kula na Saa za Dawa

Mafua ya kawaida huanza polepole, kwa kupiga chafya na pua kuchuruzika, na aliyefunga huweza kuyastahimili hadi magharibi. Homa ya mafua, yaani influenza, huja kwa kishindo. Mtu huamka mzima, na kufika alasiri mwili wote unauma, anatetemeka na joto limepanda hadi nyuzi 39. Homa hiyo hudumu siku 3 au 4, na kikohozi huweza kuendelea wiki mbili. Katika siku hizo za mwanzo mwili hupoteza maji mengi kwa jasho na kuhema, nayo saumu huzuia kuyarudisha mchana kutwa.

Ruhusa ya mgonjwa kula imo ndani ya Kurani, katika Sura ya al-Baqara, aya ya 184 na ya 185: mgonjwa na msafiri huacha kufunga na kuzilipa siku hizo baadaye. Wanazuoni wa madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani ya Afrika Mashariki, wamefafanua ni ugonjwa upi unaohesabika. Maumivu madogo ya kichwa au mafua mepesi hayatoshi. Ruhusa hupatikana pale saumu inapoleta mashaka makubwa, inapozidisha ugonjwa au inapochelewesha kupona. Mtu hulijua hilo kwa alivyozoea mwili wake, au kwa kuambiwa na tabibu anayeaminika. Ikiwa kufunga kunahofiwa kuleta madhara makubwa, basi kula huwa ni wajibu.

Homa ina tabia ya kupanda na kushuka, na hapo ndipo penye swali la nia. Katika madhehebu ya Shafii, nia ya saumu ya faradhi huwekwa kila usiku kabla ya alfajiri. Ambaye homa haimwachi, au imempanda wakati huo wa kunuia, anaweza kuacha kunuia. Ambaye homa imemtoka usiku hunuia na kuanza siku akiwa amefunga, hata kama anahisi itarudi. Ikirudi kwa nguvu mchana, hufungua. Aliyefungua kwa ugonjwa halazimiki kujizuia kula kwa saa zilizobaki, ijapokuwa akipata nafuu ni vizuri afanye hivyo. Deni lake ni kulipa siku kwa siku kabla ya Ramadhani inayofuata. Fidia ya kibaba cha chakula kwa kila siku ni ya mgonjwa asiyetarajiwa kupona, wala si ya mwenye mafua. Anayechelewesha kulipa bila udhuru hadi Ramadhani nyingine iingie ndiye huongezewa kibaba juu ya kulipa.

Anayeendelea kufunga na mafua mepesi ana mambo machache ya kuangalia. Kidonge na dawa ya maji hufunguza, hata vikimezwa bila maji. Dawa ya kupaka kifuani haifunguzi. Sindano isiyo ya lishe haifunguzi kwa kauli ya wanazuoni wengi wa sasa, lakini dripu ya lishe hufunguza. Dawa ya matone puani na kujifukiza mvuke vina hitilafu baina ya wanazuoni, kwa hiyo ni salama kuviweka usiku. Kohozi likishafika mdomoni hutemwa, kwani kwa Shafii kulimeza kwa makusudi hufunguza.

Ratiba ya dawa hutegemea urefu wa usiku. Dar es Salaam na Mombasa, zilizo karibu na ikweta, magharibi huwa yapata saa 12:30 jioni na alfajiri karibu saa 11. Usiku wa kula, basi, ni kama saa 10 na nusu. Parasetamoli, ambayo wengi huiita panado, hupunguza homa kwa saa 4 hadi 6. Mtu mzima humeza vidonge 1 au 2 vya miligramu 500 kwa mara moja, asizidishe vidonge 8 katika saa 24. Usiku unabeba dozi tatu: wakati wa futari saa 12:30 jioni, saa 5:30 usiku, na daku saa 10:30 alfajiri. Lakini dozi ya daku huisha nguvu kabla ya saa 5 asubuhi. Baada ya hapo mgonjwa hana kinga hadi jioni, na kumeza vidonge 4 daku ili vimfikishe magharibi hakurefushi kazi ya dawa, bali huhatarisha ini. Dawa nyingi za mafua za mchanganyiko tayari zina parasetamoli ndani. Lebo isomwe ili isimezwe mara mbili.

Dawa za namna ya ibuprofeni zahitaji tahadhari zaidi. Zikinywewa na mtu aliyepungukiwa maji huweza kudhuru figo, na tumbo tupu huumia. Pwani kuna pia dengi, ambayo huanza kama mafua, na ibuprofeni na aspirini huongeza hatari ya kutoka damu. Antibayotiki haiui virusi vya mafua. Tabibu akiiandika kwa sababu nyingine, kwa mfano nimonia, ya kutwa mara mbili huingia futari na daku. Ya kila baada ya saa 8 haiingii usiku mmoja: katika hali hiyo hubadilishwa dawa na tabibu, au saumu huachwa. Dozi hazibanwi ili kuokoa saumu.

Chukua mfano wa mshona nguo wa Tanga, mwenye umri wa miaka 34. Alhamisi baada ya tarawehe anaanza kutetemeka, na kipimajoto kinasoma 39. Usiku huo hanuii. Ijumaa anapimwa malaria, hana. Anakunywa maji, uji na madafu, na vidonge 2 kila baada ya saa 6. Jumamosi bado ana homa, hafungi. Usiku wa kuamkia Jumapili joto limeshuka, ananuia, anakula daku na kumeza vidonge 2. Kufika saa 8 mchana anatetemeka tena, joto ni 38.7 na mkojo umekuwa mweusi kama chai. Anafungua. Utulivu wa usiku ulikuwa wa dawa, haukuwa wa kupona. Jumatatu anapumzika bila kufunga na joto halipandi tena hata dawa inapoisha nguvu, na usiku ananuia. Jumanne anafunga akiwa na kikohozi tu. Anadaiwa siku 4: Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na Jumatatu.

Kipimo chake ndicho kinachofaa: joto libaki chini ya 38 kwa siku nzima bila dawa ya kushusha homa, na mkojo uwe mweupe au manjano hafifu. Maji ya usiku hugawanywa, glasi moja kila saa hadi kulala na mbili daku, kwani yakinywewa yote kwa mkupuo huishia chooni.

Mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari, ugonjwa wa moyo au siko seli amwone tabibu tangu siku ya kwanza, kwa kuwa dawa ya kupambana na virusi hufanya kazi zaidi ikianza ndani ya saa 48. Mtu yeyote anayepumua kwa shida, anayeumwa kifua, anayechanganyikiwa, asiyepata mkojo kwa saa 8, au ambaye homa imerudi baada ya kupata nafuu, hafai kungoja adhana ya magharibi. Hunywa maji na kwenda hospitali saa ileile.