Somo Moja kwa Siku, au Matatu?

Oktoba inapokaribia kuisha, kwenye mabweni ya shule za sekondari Tanzania kila mtahiniwa wa Kidato cha Nne anachora ratiba yake ya kupiga msuli, na hapo wanafunzi hugawanyika. Kuna wanaosema leo Fizikia tu, kesho Kemia tu, mpaka somo liishe ndipo liguswe lingine. Wengine hupanga masomo matatu kwa siku. Pepa zenyewe zitabanana ndani ya wiki chache za Novemba, nyingine mbili kwa siku moja, kwa hiyo swali lao ni la msingi.

Tuchukue mtahiniwa mwenye masomo tisa, siku tisa kabla ya pepa ya kwanza, na saa sita za kujisomea kila siku. Akichagua somo moja kwa siku, kila somo litapata saa sita kwa mkupuo mmoja. Akichagua matatu kwa siku, anaweza kuyapanga hivi: siku ya kwanza Hisabati, Historia na Baiolojia, ya pili Fizikia, Kiswahili na Jiografia, ya tatu Kemia, Uraia na Kiingereza, saa mbili kila moja. Siku ya nne anarudi kwenye Hisabati na wenzake, na ya saba anarudi tena. Kila somo bado limepata saa sita zilezile. Hajaongeza juhudi wala kupunguza usingizi. Kilichobadilika ni kwamba Hisabati, ambayo katika ratiba ya kwanza ingesomwa siku ya kwanza na kuachwa, sasa imeguswa mara tatu, na mara ya mwisho iko karibu zaidi na mtihani.

Faida iko hapo, kwenye kurudi. Mtu anapoacha jambo likaanza kumtoka, kisha akalazimika kulitafuta tena kichwani, hulishika kwa muda mrefu kuliko akilisoma mfululizo. Wengi hudhani kuruka kutoka somo hadi somo ndiko kunakochangamsha ubongo. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani, Hannah Hausman na Nate Kornell, walilipima hilo kwa kuwapa watu maneno ya Kiindonesia na istilahi za anatomia, baadhi wakisoma kwa kuchanganya na wengine kwa kutenganisha. Kuchanganya peke yake hakukuleta nafuu ya maana. Mimi nauunga mkono upande wa masomo matatu kwa siku, lakini kwa sababu hiyo ya kurudi. Historia ikiwekwa kando ya Baiolojia haiisaidii Baiolojia.

Ndani ya somo moja mambo hubadilika, hasa Hisabati. Tazama maswali matatu. Ngazi ya mita 5 imeegemea ukuta, na mguu wake uko mita 3 kutoka ukutani: inafika juu kiasi gani? Mti una kivuli cha mita 12 wakati nguzo ya mita 2 ina kivuli cha mita 3: mti una urefu gani? Mtu amesimama mita 20 kutoka kwenye mnara na anaona kilele chake kwa pembe ya mwinuko ya nyuzi 30: mnara una urefu gani? Ukiyachora, yote yanatoa pembetatu yenye kitu kilichosimama wima. La kwanza linadai kanuni ya Pithagorasi na jibu ni mita 4. La pili linadai maumbo yanayofanana na jibu ni mita 8. La tatu linadai tanjenti na jibu ni kama mita 11.5. Mwanafunzi anayefanya maswali ishirini ya Pithagorasi mfululizo hajiulizi hata mara moja atumie kanuni gani, kwa kuwa kichwa cha sura kimeshamwambia. Mtihani hauandiki kichwa cha sura juu ya swali.

Doug Rohrer na Kelli Taylor walilionyesha hili mwaka 2007 kwa wanafunzi wa chuo waliofundishwa kutafuta ujazo wa maumbo manne. Waliofanya mazoezi kwa kutenganisha aina za maswali walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi, na waliochanganya walipata 60. Baada ya wiki moja walipewa jaribio. Waliotenganisha waliporomoka hadi asilimia 20, waliochanganya wakapata 63. Ukiwatazama siku ya mazoezi ungedhani waliochanganya wanapoteza wakati, na wao wenyewe wangeweza kudhani hivyo. Ndiyo maana somo moja kwa siku lina wafuasi wengi: jioni mtu hulala akijiona amelimaliza.

Kwa hiyo saa mbili za Hisabati siku ya nne zisianze kwa kufungua daftari. Mtahiniwa achukue karatasi tupu, aandike anachokumbuka cha siku ya kwanza, afanye maswali machache yaliyochanganywa kutoka mitihani iliyopita, kisha ndipo afungue daftari kuona alipokosea. Hiyo karatasi ndiyo inayompimia ratiba yake. Ikijaa bila kusumbuka, mada hiyo isichukue muda zaidi, asonge mbele. Ikibaki nyeupe kabisa, mara nyingi tatizo ni kwamba siku ya kwanza alisoma kwa macho tu bila kujiuliza swali hata moja.

Kuchanganya nako kuna namna yake ya kuharibika. Wapo wanaokata siku vipande vya nusu saa na kugusa masomo saba. Mtu anatumia dakika kumi kutafuta alipoishia, kumi nyingine kuingia kwenye mada, na akianza kuelewa muda umekwisha. Dalili yake ni meza yenye madaftari matano wazi na swali lisilofika mwisho. Masomo matatu kwa siku yanatosha, manne ikilazimu, na kila kipindi kisipungue saa moja na nusu.

Siku nzima kwa somo moja ina mahali pake pia. Mada ambayo mwanafunzi hakuielewa kabisa darasani, tuseme hesabu za elektrolisisi, haifufuki kwa kuitembelea vipande vipande. Inahitaji kukaa chini asubuhi na mwalimu au mwenzake anayeijua hadi ishike, kisha ndipo iingizwe kwenye mzunguko. Riwaya au tamthilia ambayo mtu hajaisoma nayo husomwa kwa mkao mmoja mrefu, la sivyo wahusika wanapotea kila akifungua upya. Lakini mwenye masomo tisa akigundua ana mada sita za namna hiyo siku tisa kabla ya mtihani, ratiba haitamwokoa. Achague mbili zenye alama nyingi na kuziacha nyingine.

Pepa zikianza, mzunguko unabadilika kidogo. Siku ya kuamkia pepa, vipindi viwili kati ya vitatu viende kwa somo la kesho, na kimoja kibaki kwa somo gumu ambalo pepa yake iko mbali. Hicho kimoja ndicho wengi hukitoa sadaka, halafu wiki ya pili Fizikia inawakuta hawajaigusa kwa siku nane. Somo lililokwisha kufanyiwa mtihani linatoka kwenye orodha, wala lisijadiliwe tena kwenye korido baada ya pepa, kwa sababu nusu saa ya kubishana jibu la swali la saba inatoka kwenye kipindi cha Kemia. Pepa tano zikishapita, yanabaki masomo manne, na kwa vipindi vitatu vilevile kila somo linarudi karibu kila siku bila mtahiniwa kupanga upya chochote.